Maji Yanapozidi Mwilini: Haiponatremia ya Mbio Ndefu na Sababu ya Kuisikiliza Kiu

Mwenzangu wa kazini, ambaye sitamtaja jina, alikimbia marathoni yake ya kwanza hapa Kampala akiwa na nidhamu ambayo makocha wengi wangeisifu. Asubuhi alijipima kwenye mizani ya nyumbani, ikasoma kilo 55. Alipokuwa akisubiri kuanza, alimaliza chupa moja na nusu ya maji, zile chupa za nusu lita zinazouzwa kila duka. Njiani palikuwa na meza ya maji kila baada ya kilomita tatu, jumla meza kumi na nne ukihesabu ile ya kwenye mstari wa kumalizia, na katika kila meza vijana wa kujitolea walikuwa wakipaza sauti, «Maji, nyabo! Kunywa, usingoje kiu!» Hakungoja kiu. Kila meza alichukua chupa, akanywa zaidi kidogo ya nusu yake akitembea, akaitupa, kisha akaendelea.

Alimaliza kwa saa tano na dakika kumi na tano. Nilipomkuta kwenye hema la huduma ya kwanza, ambako nilikuwa nikisaidia kuandika majina ya wanaoingia, alikuwa ameketi akishikilia kichwa. Alisema kinauma kama kinachopasuka, na tumbo linacheza maji kila anapojisogeza. Alikuwa ametapika mara moja, na kilichotoka kilikuwa maji matupu. Alijaribu kuvua pete yake ya ndoa kwa sababu ilikuwa ikimbana, ikakataa kupita kwenye kifundo cha kidole. Mtu mmoja pale hemani alisema kwa uhakika kwamba huyu amekaukiwa na maji, akamletea chupa nyingine.

Tulimpandisha kwenye mizani. Ilisoma kilo 56.5.

Mtu aliyekimbia kilomita 42 hawezi kunenepa njiani. Hata asipotoa tone la jasho, mwili wake umechoma wanga na mafuta, na kwa mtu wa uzito wake hayo pekee hupunguza takriban gramu 300. Kwa hiyo kilo moja na nusu iliyoongezeka ilikuwa maji na si kingine. Mizani haikuhitaji maabara kutwambia kwamba neno «kukaukiwa» halikuwa na nafasi katika hema lile.

Hali aliyokuwa nayo huitwa haiponatremia, yaani kiwango cha sodiamu katika damu kushuka mno. Sodiamu ni ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na kwa mtu mzima mwenye afya kiwango chake hukaa kati ya milimoli 135 na 145 katika kila lita ya maji ya damu. Kikishuka chini ya 135 wakati wa mazoezi au katika saa 24 zinazofuata, waganga wa michezo huiita haiponatremia ya mazoezi. Jina hili hupotosha kidogo, kwa sababu humfanya msikilizaji adhani kwamba tatizo ni chumvi iliyopotea. Mara nyingi chumvi ipo karibu yote. Kilichobadilika ni maji yanayoizunguka. Ukiongeza maji katika mchuzi uliokwisha kukolea hujatoa chumvi hata chembe, lakini mchuzi umepwaya.

Hesabu ya mwenzangu huonyesha jambo hili vizuri, nami naileta kwa tarakimu za kukadiria. Mwanamke wa kilo 55 ana maji yapatayo lita 28 mwilini. Tukichukua kiwango cha sodiamu cha 140 kabla ya mbio, tunapata akiba ya milimoli 3,920. Mezani alikunywa kama mililita 300 mara kumi na nne, yaani lita 4.2, na kabla ya kuanza alikuwa ameshakunywa robo tatu ya lita. Jumla yake ni karibu lita tano. Kwa mwendo wake wa taratibu, na kwa asubuhi ya Kampala ambayo si joto kali, jasho lake lilikuwa kama lita 2.9 kwa muda wote, na mkojo lita 0.2 tu. Basi mwilini palibaki maji ya ziada yapatayo lita 1.85. Jasho nalo lilibeba sodiamu, tuseme milimoli 40 kwa lita, hivyo aliondokewa na milimoli 116. Gawanya milimoli 3,804 zilizosalia kwa lita 29.85, utapata 127. Maabara, saa chache baadaye, ilitoa 126.

Angalia pia uzito wa kila upande katika hesabu hiyo. Lau angepoteza chumvi ile ile bila kuongeza wala kupunguza maji, kiwango kingeshuka hadi kama 136 tu, ambacho bado ni salama. Yale maji ya ziada ndiyo yaliyomtoa 136 na kumfikisha 127.

Msomaji makini atauliza kwa nini hakukojoa tu. Swali hilo ni la haki, kwa sababu figo za mtu mzima aliyepumzika zinaweza kutoa karibu lita moja ya maji kwa saa, na mtu anayekunywa lita tatu nyumbani mchana kutwa hupata usumbufu wa kwenda chooni na si zaidi. Jibu limo katika homoni iitwayo vasopresini, ambayo hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na kuziamuru figo zibane maji. Katika hali ya kawaida, damu ikizimuliwa kidogo tu, homoni hii hukatika na figo huyaachia maji. Mbio ndefu huvuruga amri hiyo. Mazoezi yenyewe, maumivu, kichefuchefu na msongo wa mwili vyote huichochea vasopresini iendelee kutoka hata pale damu imekwisha kuwa nyepesi. Dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni na diklofenaki huongeza tatizo, kwa sababu huipa homoni hiyo nguvu zaidi juu ya figo. Mkimbiaji anayemeza vidonge viwili vya ibuprofeni kabla ya kuanza ili goti lisimsumbue, kisha anywe katika kila meza, amefunga mlango wa kutokea huku akifungua ule wa kuingilia.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza hata wahudumu. Maji yaliyomo tumboni na kwenye utumbo bado hayajaingia katika damu. Mtu akiacha kukimbia, damu hurudi kwa wingi kwenye utumbo na maji yale hufyonzwa kwa haraka, hivyo sodiamu inaweza kuendelea kushuka nusu saa au saa nzima baada ya kuvuka mstari. Ndiyo maana baadhi ya watu hupiga picha na medali wakicheka, kisha huzidiwa wakiwa ndani ya gari wakirudi nyumbani.

Kinachoua ni ubongo kuvimba. Maji hufuata chumvi: damu ikiwa nyepesi kuliko yaliyomo ndani ya seli, maji hupenya na kuingia kwenye seli ili kusawazisha. Kidole kikivimba, pete hubana na mambo huishia hapo. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka, kwa hiyo uvimbe mdogo huleta maumivu ya kichwa na kutapika, na ukizidi huleta kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu na hatimaye kukoma kwa pumzi. Wakati mwingine mapafu nayo hujaa maji, na mgonjwa hukohoa povu.

Hapa ndipo watu huniuliza kuhusu vinywaji vya michezo, vile vya rangi vinavyouzwa kwa ahadi ya kurudisha chumvi. Turudie hesabu yetu kwa kudhani kwamba zile lita 4.2 za njiani zote zilikuwa kinywaji hicho. Kwa kawaida huwa na kama milimoli 20 za sodiamu kwa lita, ambazo ni sehemu moja ya saba ya zile zilizomo katika damu. Angepata milimoli 84, na kiwango chake kingeishia kama 130 badala ya 127. Ni afadhali, lakini bado yuko chini ya 135, na kichwa kingeuma vile vile. Kwa mwili uliojaa kupita kiasi, kinywaji cha michezo ni maji yenye ladha. Vidonge vya chumvi navyo havimwokoi anayeendelea kunywa bila kiasi: ili kumrudisha mwenzangu kwenye 138 kwa chumvi pekee, huku maji yote yakibaki ndani, zingehitajika zaidi ya gramu 18, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa. Hakuna tumbo litakalovumilia hayo katikati ya mbio.

Wale vijana wa mezani hawakuwa wajinga. Walikuwa wakirudia ushauri uliowahi kutolewa na wakubwa. Zamani wakimbiaji wa mbio ndefu walionywa wasinywe, na kunywa njiani kulionekana kama udhaifu. Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilishauri wanamichezo wanywe kiasi kinacholingana na jasho lote wanalotoa, au kingi kadiri wanavyoweza kuvumilia, na kikataja mililita 600 hadi 1,200 kwa saa. Mwenzangu alikunywa mililita 800 kwa saa alipokuwa akikimbia. Kwa kipimo kile hakuzidisha; alikuwa ndani ya mipaka iliyochorwa. Kosa la ushauri ule lilikuwa kumpa mtu wa kilo 55 anayekimbia na kutembea tarakimu zinazomfaa mtu wa kilo 75 anayekwenda kasi juani.

Onyo lilikuwapo mapema zaidi, tena kutoka barani mwetu. Mwaka 1981 mwanamke mmoja aliyeshiriki mbio za Comrades za Afrika Kusini, ambazo zina urefu wa karibu kilomita 90, alizidiwa na kuonekana kuwa amelewa maji. Daktari Tim Noakes wa Cape Town na wenzake walichapisha habari zake pamoja na wagonjwa wengine watatu mwaka 1985. Wengi hawakusikiliza. Ilipofika mwaka 2002, watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston na kukuta asilimia 13 wana haiponatremia, watatu kati yao wakiwa na kiwango cha 120 au chini yake, ambacho ni cha kutishia maisha. Kilichohusiana zaidi na hali hiyo kilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, kikifuatiwa na kukaa barabarani zaidi ya saa nne. Kunywa kinywaji cha michezo badala ya maji hakukuwakinga. Upande wa pili wapo waandaaji wa marathoni ya Christchurch, New Zealand, walioweka meza kila baada ya kilomita tano. Wakimbiaji 155 walipopimwa damu mwishoni, hakuonekana hata mmoja mwenye haiponatremia.

Ndiyo maana ugonjwa huu si wa mabingwa. Stephen Kiprotich aliyetuletea dhahabu ya marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 alikimbia kwa saa mbili, dakika nane na sekunde moja. Kwa kasi ile mtu hutoa jasho jingi na hana nafasi ya kumeza zaidi ya mafunda machache. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipopimwa katika marathoni ya Dubai mwaka 2009 alikuwa amepungukiwa na karibu asilimia 10 ya uzito wake, na ndiye aliyeshinda. Sisemi kwamba kila mtu apungue hivyo, la hasha. Ninachosema ni kwamba anayeelekea hatarini ni yule wa nyuma: mwenye mwili mdogo, anayekwenda taratibu na kutoa jasho dogo, mwenye saa tano au sita za kusimama mezani, na ambaye kwa sababu ni mgeni wa mbio hutii kila anachoambiwa. Chupa ya nusu lita nayo, kwa maoni yangu, ina lawama yake, maana mtu aliyelelewa kutotupa kitu huona haya kuiacha ikiwa na maji. Kikombe kidogo cha karatasi hakimwekei mtu deni.

Sasa tuje kwenye kiu. Wengi tumefundishwa kwamba kiu ni kengele inayochelewa, na kwamba ukiisikia umekwisha kuharibikiwa. Mwili haufanyi kazi hivyo. Ndani ya ubongo, kwenye sehemu iitwayo haipothalamasi, zipo seli zinazopima ukolezi wa damu bila kupumzika, nazo huwasha kiu pale ukolezi unapopanda kwa asilimia moja au mbili tu. Kipimo hicho ni chembamba kuliko chochote ambacho mkimbiaji anaweza kubeba mfukoni, na faida yake kubwa ni kwamba kinapima kitu chenyewe tunachokiogopa. Kiu hujibu ukolezi wa damu. Ratiba hujibu saa na kilomita. Mtu ambaye damu yake imeanza kuzimuliwa hasikii kiu, na anayekunywa pale tu anapotaka maji atakuwa ameacha kunywa muda mrefu kabla ya kufikia 127.

Tumrudishe mwenzangu barabarani, safari hii akiifuata kiu. Tuseme anaruka meza kadhaa, anakunywa mafunda katika nyingine, na mpaka mwisho amemeza lita mbili kwa jumla. Jasho ni lile lile la lita 2.9, mkojo umepungua kidogo. Maji ya mwili yameshuka kutoka lita 28 hadi 27, chumvi iliyopotea ni ile ile ya milimoli 116, na ukigawanya 3,804 kwa 27 unapata karibu 141. Mizani ingesoma kama kilo 53.7. Angekuwa amechoka, midomo imekauka, na ana hamu ya soda baridi, lakini damu yake ingekuwa na ukolezi ule ule alioamka nao. Kupungua kidogo kwa maji kumefidia chumvi iliyotoka na jasho.

Kuifuata kiu hakumaanishi kujinyima. Mdomo uliokauka kwa kupumua kwa kinywa katika vumbi la barabara si kiu, na huweza kutulizwa kwa kusukutua na kutema. Wazee husikia kiu kwa udhaifu kuliko vijana, hivyo kwao inafaa kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi marefu, ili wajue mwili wao hupoteza kiasi gani. Na anayekimbia kwa kasi katika joto la Gulu mchana wa Februari atatoa jasho jingi, na kiu yake itamtaka anywe zaidi ya mtu wa Kabale kwenye baridi. Amri ni ile ile, kiasi ndicho kinachotofautiana.

Hemani ugumu ni kwamba aliyezidiwa na maji, aliyekaukiwa na aliyepatwa na joto kali wanaweza kufanana: wote hudhoofika, hutapika, huongea mambo yasiyoeleweka. Aliyeanguka mara tu baada ya kuvuka mstari mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Misuli ya miguu imeacha ghafla kusukuma damu irudi moyoni, na kumlaza akiwa ameinuliwa miguu humrejesha kwa dakika chache. Joto la mwili lililopimwa kwa njia ya haja kubwa likizidi nyuzi 40 kwa mtu aliyechanganyikiwa, hilo ni tatizo la joto na apozwe kwanza. Lakini mtu aliyeongezeka uzito, aliyevimba vidole, asiye na kiu na anayetapika maji matupu asipewe chupa nyingine, wala asitundikiwe dripu kabla sodiamu haijapimwa.

Mwenzangu alitundikiwa dripu katika zahanati aliyopelekwa, kwa nia njema kabisa. Ilikuwa dripu ya kawaida ya chumvi, ile ya asilimia 0.9. Mtu angedhani chumvi hiyo itamfaa, lakini vasopresini ikiwa bado juu, figo hutoa chumvi kwenye mkojo mzito na kubakiza maji, hivyo hali inaweza kuzidi kuwa mbaya. Ile ya glukosi ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sukari huchomwa na kuacha maji matupu. Kichwa kiliendelea kumuuma. Jibu la 126 lilipofika, mganga aliyekuwa zamu aliifunga dripu papo hapo, nami nilimheshimu kwa kubadili mawazo mbele ya watu. Lau angekuwa amechanganyikiwa au amepata degedege, tiba ingekuwa maji mazito ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 kwa mshipa, yakirudiwa baada ya kila dakika kumi hadi mara tatu kama dalili haziondoki, kwa sababu kila dozi huinua sodiamu kwa takriban milimoli mbili na hilo hutosha kupunguza uvimbe wa ubongo. Kwa kuwa alikuwa macho na anajibu maswali vizuri, alipewa mchuzi mzito wa vipande vinne vya supu vilivyoyeyushwa katika nusu glasi ya maji, akaambiwa asinywe kitu kingine mpaka akojoe.

Alisubiri mpaka saa moja jioni. Kisha alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena, mara nne kabla ya saa tatu usiku, mkojo ukiwa mwingi na mweupe kama maji ya bomba. Asubuhi alinipigia simu kuniambia kwamba pete imezunguka kidoleni.